Moto Hotelini: Ilani Moja, Mapokeo Matatu

Karatasi ya tahadhari ya moto iliyobandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha hoteli ina kazi ngumu kuliko maandishi mengine yote ya hoteli hiyo. Anayeihitaji ni mtu aliyeshtuka usingizini, mara nyingi gizani, pengine moshi umeshaanza kupenya chini ya mlango. Hatasoma mistari yote. Atasoma wa kwanza, labda na wa pili, kisha atatenda. Kwa hiyo jambo la kuamuliwa mapema kabisa ni lipi litangulie, na hapo ndipo mapokeo matatu yanayokutana siku hizi kwenye mlango mmoja yanapoachana: ya Kiswahili, ya Kiingereza na ya Kichina.

Yanakutana hasa Dar es Salaam. Wachina na Watanzania wamekuwa wakifanya kazi bega kwa bega tangu reli ya TAZARA ilipojengwa kati ya 1970 na 1975, na leo katika hoteli za Kariakoo fundi wa mkandarasi kutoka China anaweza kulala chumba cha jirani na mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyekuja kufunga mzigo, huku ghorofa ya juu yao amelala mtalii anayesubiri boti ya Unguja. Mwenye hoteli anajua kwamba ilani yake inapaswa kuwafaa wote watatu. Anachofanya mara nyingi ni kuchukua maneno ya Kiingereza, kuyageuza mstari kwa mstari kuwa Kiswahili, kisha kuyageuza tena kuwa Kichina. Matokeo yake ni maandishi ya lugha tatu yenye fikra za mapokeo ya lugha moja tu, tena bila kupima kama fikra hizo ndizo zinazofaa kwa mtu aliyelala ghorofani.

Ilani ya Kiingereza, kwa mtindo wa Uingereza uliotufikia kupitia ofisi na shule, huanza na mtu na hali aliyomo. Ina sehemu mbili. Ya kwanza inamhusu aliyegundua moto: apige kengele iliyo karibu. Ya pili inamhusu aliyesikia kengele: atoke kwa njia iliyo karibu, aende mahali pa kukusanyika, asikawie kuchukua vitu vyake, asitumie lifti, asirudi ndani. Sentensi ni fupi na kila moja ina kitendo kimoja. Uzuri wake mkubwa ni huo wa kutenganisha hali mbili, kwa kuwa kazi ya mtu aliyeuona moto si kazi ya mtu aliyeusikia tu. Lakini mtindo huo ulikua katika majengo ambayo watu wako macho na wanaijua njia. Haumwonyeshi mtu njia. Unamwambia tu aifuate. Tena huchapwa kwa wingi ukiwa na nafasi tupu ya kujazwa mahali pa kukusanyika, na nafasi hiyo mara nyingi hubaki tupu mpaka karatasi inapauka. Zaidi ya hayo, unachukulia kwamba korido inapitika. Haumwambii lolote yule ambaye akifungua mlango atakuta ukuta wa moshi.

Wachina wameanzia kwingine. Nyuma ya mlango wa hoteli ya China, kitu cha kwanza machoni ni mchoro wa sakafu nzima: chumba chako kimewekwa alama, korido inaonekana, ngazi zinaonekana, na mishale inatoka kwenye chumba hicho mpaka kwenye mlango wa kutokea. Maneno yako chini na ni ya ziada. Na maneno hayo hulipa uzito mkubwa suala la kujiokoa: inama, ziba mdomo na pua kwa kitambaa kilicholowa, usipande lifti, ukizuiwa na moto ziba mwanya wa mlango kwa taulo zilizoloweshwa na usubiri waokoaji. Katika hoteli nyingi za huko, mgeni akifungua kabati hukuta boksi lenye barakoa ya kuvaa kichwani inayochuja moshi, iliyotengenezwa kumpa muda wa kama nusu saa wa kutoka.

Mgeni aliyezoea hayo akiingia hotelini Dar es Salaam ataitafuta ile barakoa. Ilani ikikaa kimya, atapoteza muda kufungua makabati. Basi toleo la Kichina linahitaji mstari ambao matoleo mengine mawili hayauhitaji: chumbani hamna barakoa ya moshi, usiitafute. Na shauri la kitambaa kilicholowa lipunguzwe uzito. Kitambaa huzuia sehemu ya masizi na hupoza hewa kidogo, lakini hakizuii hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na ndiyo inayoua wengi katika moto wa majengo. Mtu anayesimama bafuni akilowesha kitambaa wakati korido bado ni safi anaipoteza nafasi aliyokuwa nayo.

Na mapokeo yetu? Kiswahili kina hazina ya zamani ya kutangaza hatari, nayo ni ya sauti. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, walisema wazee, na utaratibu uliomo ndani ya methali hiyo ni wa busara sana: pembe kwanza, ili kila mtu aache analofanya, kisha maelezo. Hata leo mtaani nyumba ikishika moto hakuna anayetafuta karatasi. Mtu hupiga yowe, jirani hulipokea, na ndani ya dakika moja mtaa mzima uko nje. Bahati mbaya, ilani zetu za kuandikwa hazikurithi mbiu. Zilirithi barua za ofisi. Zinaanza na "Mpendwa mgeni, uongozi wa hoteli unapenda kukutaarifu kwamba endapo itatokea dharura ya moto unaombwa kwa heshima..." Najua adabu hiyo inatoka wapi. Kumwambia mgeni "toka!" ni kama kumfukuza, na mhudumu aliyelelewa vizuri anaona haya kuliandika neno hilo. Ila heshima ya kweli kwa mgeni usiku wa moto ni kumwambia jambo linalomwokoa kabla ya jambo lingine lolote. Salamu na shukrani zina ukurasa wake katika kijitabu cha hoteli.

Mpangilio wenyewe wa ilani haupaswi kuamuliwa na lugha yoyote kati ya hizo. Unaamuliwa na moshi. Tarehe 21 Novemba 1980, moto ulianza katika mgahawa wa ghorofa ya chini ya hoteli ya MGM Grand, Las Vegas. Watu 85 walikufa. Wengi wao hawakuuona moto: walikuwa ghorofa za juu kabisa, mbali na miali, na moshi uliwafikia kwa kupanda kupitia ngazi, mashimo ya lifti na mifereji ya hewa. Baadhi walikutwa vyumbani, wengine koridoni, wengine kwenye ngazi. Tukio hilo linafundisha kwamba kwa mgeni wa ghorofani swali la kwanza ni kama njia ya kwenda kwenye mlango wa nje ina moshi, hata kabla ya kuuliza mlango huo uko wapi. Kama ina moshi, chumba chenye mlango uliofungwa kinaweza kuwa salama kuliko korido. Ilani isiyo na matawi haya mawili ina upungufu mkubwa, iwe imeandikwa katika lugha moja au tatu.

Tuichukue hoteli ya mfano tuiandikie ilani yake. Ina ghorofa sita juu ya ile ya chini. Kila ghorofa ina korido moja iliyonyooka, ngazi kila mwisho, na lifti katikati. Chumba ni namba 304, cha tatu kutoka ngazi za upande wa kushoto. Mahali pa kukusanyika ni maegesho ya magari ng'ambo ya barabara. Toleo la Kiswahili ningeliandika hivi, chini ya mchoro wa sakafu unaochukua nusu ya juu ya karatasi:

MOTO
1. Gusa mlango kwa nyuma ya kiganja.
2. Mlango si wa moto na korido haina moshi: chukua kadi, toka, funga mlango, shuka kwa ngazi. Usitumie lifti.
3. Mlango ni wa moto au korido ina moshi: baki ndani, mlango ufungwe. Ziba chini ya mlango kwa taulo zilizoloweshwa. Piga mapokezi: 0. Simama dirishani uonekane.
4. Moto uko chumbani mwako: toka, funga mlango, bonyeza kengele nyekundu ya ukutani, piga kelele.
5. Ukifika nje: nenda maegesho ng'ambo ya barabara. Usirudi ndani.

Nimeigeuza ilani ya Kiingereza miguu juu. Yule anayeugundua moto, ambaye kwa Waingereza ni wa kwanza, hapa ni wa nne. Kwenye korido au jikoni ningemrudisha juu, kwa sababu huko ndiko mtu anakoweza kuukuta moto akiwa anatembea. Nyuma ya mlango wa chumba, anayesoma karibu kila mara ni mtu aliyeisikia kengele bila kuuona moto, na ambaye moto umewaka chumbani mwake hasubiri kusoma. Nimeacha pia ule mstari wa kumtaka mgeni asitaharuki, unaopendwa katika ilani za Kichina na za Kiingereza vilevile. Katika moto wa majengo tatizo la mara kwa mara ni watu kukawia: kudhani kengele imekosea, kuvaa, kukusanya vitu, kumpigia mwenzao simu. Mstari wa kumtuliza mtu ambaye tayari ametulia kupita kiasi unamzidishia kukawia, tena unakalia nafasi ya kitendo.

Kuhusu kadi, mapokeo ya Kiingereza yenyewe hayakubaliani. Ilani ya Kiingereza cha Uingereza humwambia mtu asichukue chochote. Mashauri ya usalama ya Wamarekani kwa wageni wa hoteli husema chukua ufunguo wa chumba, kwa sababu ukikuta moshi koridoni utahitaji kurudi, na mlango wa hoteli hujifunga wenyewe ukishatoka. Kwa hoteli ya ghorofa nawaunga mkono Wamarekani. Lakini kuna jambo ambalo mwenye hoteli ya hapa lazima alijue kabla ya kuuandika mstari huo: katika hoteli nyingi kadi hukaa kwenye kifaa cha ukutani kando ya mlango, na ukiichomoa umeme wa chumba hukatika baada ya sekunde chache. Mgeni akiitii ilani usiku atabaki gizani mlangoni. Kwa hiyo mstari huo unadai taa ya dharura yenye betri koridoni, inayowaka yenyewe umeme unapokatika. Bila taa hiyo, ilani inampeleka mgeni gizani.

Mtego mkubwa kuliko yote wa lugha tatu uko kwenye hesabu ya ghorofa. Tanzania na Kenya tunahesabu kama Waingereza: kuna ghorofa ya chini, halafu ya kwanza iliyo juu yake. Wachina huiita ya chini kabisa ghorofa ya kwanza. Wamarekani vilevile, kwa hiyo hata wasomaji wa toleo la Kiingereza hawahesabu kwa namna moja. Mfuate mgeni Mchina wa chumba 304 anayeshuka ngazi usiku. Kichwani mwake mlango wa nje uko ghorofa namba 1. Anapita bango la 3, la 2, anaona 1 kwenye mlango wa ngazi, anausukuma na kuingia, akijua amefika mapokezi. Kumbe yuko koridoni, ghorofa nzima juu ya ardhi, na kama moto uko mapokezi basi moshi wake unapandia hapo hapo. Tafsiri sahihi kabisa ya maneno "ghorofa ya kwanza" haitamsaidia, maana kila neno litakuwa sahihi na mtu atakuwa amepotea.

Dawa yake ni kutotumia namba ya ghorofa kabisa katika ilani. Andika kwa lugha zote tatu: shuka mpaka ngazi ziishe, kwenye mlango wa barabarani. Iwapo ngazi zinaendelea mpaka maegesho ya chini ya ardhi, maneno hayo nayo yatamdanganya, na itabidi kuweka kizuizi au lango kwenye ngazi usawa wa barabara, pamoja na bango kubwa la kijani. Katika mlango wa ghorofa ya kwanza, upande wa ndani wa ngazi, pabandikwe mshale wa kushuka wenye alama ya mtu anayekimbia. Alama hiyo iliyobuniwa na Mjapani Yukio Ota ikakubaliwa kimataifa mwaka 1985 inatumika China, Ulaya na hapa kwetu, kijani kwa nyeupe. Mmarekani aliyezoea neno jekundu juu ya mlango ataielewa pia akiona mshale. Rangi nyekundu iachiwe mitungi ya kuzimia moto na kengele.

Namba ya simu nayo ina mahali pake, na si juu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Tanzania linapatikana kwa 114. Mchina anaijua 119 ya kwao, Mwingereza 999, Mmarekani 911, na kila mmoja akishtuka vidole vitakwenda kwenye namba ya utotoni mwake. Ndiyo maana 114 iwe kubwa na ionekane, chini ya hatua zote. Lakini mgeni asiyejua Kiswahili wala Kiingereza, asiyejua jina la mtaa wala alama ya jirani, ataeleza nini kwenye simu hiyo? Kazi ya kupiga 114 ni ya mtu wa mapokezi, na iandikwe kwenye utaratibu wa wafanyakazi kwa cheo cha mtu wa zamu. Mgeni apewe kengele na yowe, vitu visivyohitaji lugha.

Sasa upangaji. Desturi ni kuweka pande tatu, kila lugha na fungu lake zima. Mimi napendelea kila hatua iwe na namba, mchoro mdogo, kisha lugha tatu chini yake, halafu hatua inayofuata. Ilani hii ina watumiaji wawili, mgeni na mhudumu. Mhudumu wa ghorofa akimkuta Mchina amesimama koridoni amechanganyikiwa, anaweza kuweka kidole kwenye hatua ya 2 na wote wawili wakaelewana, mradi hatua ya 2 ya Kichina iwe ndiyo hatua ya 2 ya Kiswahili. Lugha zikiwa na namba tofauti za hatua, daraja hilo limevunjika. Kwa hiyo ule mstari wa Kichina kuhusu barakoa usipewe namba yake. Ukae ndani ya hatua ya 2. Na Kiswahili kisipambwe. Moto, moshi, ngazi, mlango: hayo anayajua mtu wa Tanga, wa Bujumbura na wa Goma. Anayetatizwa na neno lifti atasaidiwa na mchoro.

Kwenye vipaza sauti mambo hugeuka, kwa sababu masikio hayawezi kupokea lugha tatu kwa pamoja. Tangazo la maneno thelathini kwa mwendo wa kueleweka huchukua kama sekunde 15. Likisomwa lote kwa lugha moja baada ya nyingine, anayengoja lugha ya tatu atakaa nusu dakika akisikia kelele asizozielewa. Hapa mbiu inatufaa. King'ora kwanza, kisha maneno machache tu, "Moto. Shukeni kwa ngazi," kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa Kichina, na kurudia. Kila mtu atakuwa amesikia la kwake ndani ya sekunde kumi au zaidi kidogo. Kiswahili kitangulie kwa sababu wafanyakazi ndio wanaopaswa kuwa wameanza kutembea kabla ya wageni. Sauti ya Kichina irekodiwe mapema na mzungumzaji wa lugha hiyo, kwani Kichina husikika kwa toni, na mtu aliyekariri bila toni anaweza asieleweke kabisa.

Kuna kosa la uchapaji ambalo mwenye hoteli hawezi kuligundua kwa macho yake. Kompyuta ya duka la steshenari ikikosa fonti ya Kichina huchapa visanduku vitupu, au huchanganya herufi za mtindo wa zamani na zile zilizorahisishwa zinazotumika China bara. Asiyesoma Kichina ataona karatasi imejaa na kuridhika. Pia herufi zenye mistari mingi zikichapwa kwa ukubwa uleule wa herufi za Kilatini huwa madoa kwenye mwanga hafifu. Kwa bahati njema Kichina huchukua nafasi ndogo kuliko Kiswahili, kwa hiyo nafasi inayobaki itumike kuzikuza.

Mwenye hoteli, kabla hujachapa nakala za vyumba vyote, mtafute mtu asomaye Kichina tu, asiyelijua jengo lako. Mpeleke chumba 304, zima taa, mpe tochi na karatasi, usimwambie neno. Mwache asome, kisha mfuate nyuma kimya mpaka atakaposimama. Akisimama ghorofa ya kwanza, au kwenye mlango wa ngazi uliofungwa kwa kufuli, karatasi hiyo bado haijawa tayari kubandikwa. Fanya hivyohivyo kwa msomaji wa Kiingereza, na kwa mhudumu wako mpya aliyeanza kazi juzi. Kufuli nalo liondolewe siku hiyohiyo.